Shajara ya mradi: mchoro wa msitu wa majaribio matatu ya tohara na VVU

Kazi ni bango moja la ukutani pamoja na kurasa chache za maelezo, kwa wakufunzi wa afya wa ngazi ya wilaya. Wengi wao wameshauona mchoro wa msitu kwenye ripoti: miraba midogo iliyopangwa kuanzia juu kwenda chini, kila mmoja umetobolewa na mstari wa mlalo, na chini kabisa almasi. Wanajua kwamba almasi ikikaa kushoto "dawa imefanya kazi". Zaidi ya hapo wanaurukia ukurasa. Tunataka bango litakalomwezesha mtu kuusoma mchoro huo kwa macho yake mwenyewe, akianzia kwenye hesabu ya watu.

Jumatatu: tafiti zipi

Tumekubaliana kutumia majaribio matatu ya tohara ya wanaume kama kinga dhidi ya VVU. La kwanza lilifanyika Orange Farm, karibu na Johannesburg, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005. La pili ni la Kisumu na la tatu ni la Rakai, Uganda, yote mawili yakachapishwa mwaka 2007. Yamefaa kwa sababu tatu. Yanauliza swali lile lile kwa njia ile ile: wanaume wasiotahiriwa na wasio na VVU waligawanywa kwa bahati nasibu, kikundi kimoja kikatahiriwa mara moja, kingine kikaambiwa kisubiri hadi mwisho wa utafiti. Hesabu zake ni chache kiasi kwamba tunaweza kuzifanya kwa kikokotoo cha simu. Na wakufunzi wetu tayari wanaifahamu kampeni ya tohara iliyofuata, kwa hiyo hatutatumia muda kueleza habari yenyewe.

Hesabu ghafi ni hizi. Orange Farm: maambukizi mapya 20 kati ya wanaume 1546 waliopangiwa tohara, na 49 kati ya 1582 waliosubiri. Kisumu: 22 kati ya 1391, na 47 kati ya 1393. Rakai: 22 kati ya 2474, na 45 kati ya 2522. Orange Farm waliandikishwa watu 3274, lakini 146 waligundulika walikuwa na VVU tangu mwanzo, na hao hawahesabiwi hapa.

Mmoja wetu ameomba tuongeze utafiti wa nne, nao wa Rakai, wa wanaume waliokuwa tayari na VVU, ambapo kilichopimwa ni maambukizi kwa wake na wapenzi wao. Nimekataa usiingie kwenye almasi, maana swali lake ni jingine: unamhusu mwanamke na yale matatu yanamhusu mwanamume. Programu ya takwimu ingeuchanganya bila kulalamika. Haina njia ya kujua kwamba namba mbili zinazofanana kwa sura zinajibu maswali tofauti. Tutauweka pembeni kwa kazi nyingine, nitaieleza nikifika huko.

Jumanne: mraba mmoja kwa mkono

Leo tumechora mstari wa Kisumu peke yake, kwenye karatasi, bila kompyuta.

Katika kikundi cha tohara, 22 kati ya 1391 ni asilimia 1.58. Katika kikundi cha kusubiri, 47 kati ya 1393 ni asilimia 3.37. Gawanya ya kwanza kwa ya pili unapata 0.47. Huo ndio uwiano wa hatari, na ndipo katikati ya mraba inapokaa. Ungekuwa 1, vikundi viwili vingekuwa sawa, ndiyo maana kuna mstari wa wima unaopita kwenye 1 kuanzia juu hadi chini ya mchoro. Kushoto kwake ni wale walioambukizwa kidogo zaidi baada ya tohara, kulia ni kinyume chake. (Kushoto kuwa upande "mzuri" kunatokana na tunachohesabu, yaani maambukizi. Tungekuwa tunahesabu waliopona, kulia ndiko kungekuwa kuzuri. Bango litaandika maneno chini ya kila upande, lisimwache msomaji akisie.)

Kisha mstari wa mlalo. Unaonyesha masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani thamani ambazo ushahidi wa utafiti huu unapatana nazo. Ili kuupata tunahama kwenda kwenye logi asilia. Logi ya 0.47 ni karibu -0.76. Kutokuwa na uhakika kwake kunahesabiwa hivi: chukua 1/22, ongeza 1/47, kisha toa 1/1391 na 1/1393. Tuandike kwa namba: 0.0455 na 0.0213, ukitoa 0.0007 mara mbili. Inabaki 0.0653. Kipeo chake cha pili kinyume, yaani mzizi wake, ni 0.256. Zidisha kwa 1.96 unapata 0.50. Nenda 0.50 kushoto ya -0.76, nenda 0.50 kulia, kisha rudi kutoka kwenye logi. Ncha mbili ni 0.28 na 0.77.

Hapo mwuguzi aliyekaa nasi ameweka kalamu chini.

"Kaka, hao watu elfu moja mia tatu tisini na mmoja wamechangia sifuri nukta sifuri sifuri sifuri saba tu?"

Ndivyo. Nimemwambia aizungushie duara ile 0.0007, kwa sababu mradi mzima utaegemea hapo. Uhakika wa utafiti wa aina hii unatoka kwa wale 22 na 47 walioambukizwa. Wale ambao hawakuambukizwa wanahitajika ili tupate asilimia, lakini kwenye urefu wa mstari wa mlalo mchango wao ni mdogo mno.

Tumefanya hivyo hivyo kwa wengine wawili. Orange Farm: 0.42, mstari kutoka 0.25 hadi 0.70. Rakai: 0.50, kutoka 0.30 hadi 0.83. Mistari yote mitatu iko kushoto ya 1 bila kuigusa.

Kwa atakayelinganisha na makala za awali: Orange Farm iliripotiwa 0.40 (0.24 hadi 0.68), Kisumu 0.47 (0.28 hadi 0.78). Tofauti ni ndogo na inaeleweka, kwani watafiti walizingatia muda ambao kila mtu alifuatiliwa, sisi tumegawanya vichwa tu.

Jumatano: kwa nini Rakai si mkubwa

Kabla ya kuchora picha kamili niliwaomba wenzangu watabiri ukubwa wa miraba. Wote wamesema Rakai utakuwa mkubwa kuliko yote. Ni wanaume 4996 dhidi ya 2784 wa Kisumu, karibu mara mbili.

Uzito wa utafiti ni 1 ukigawanywa kwa ile namba ya kutokuwa na uhakika. Kisumu: 1 gawanya kwa 0.0653 ni 15.3. Rakai: 1 gawanya kwa 0.0669 ni 15.0. Orange Farm: 1 gawanya kwa 0.0691 ni 14.5. Kwa asilimia ni 34.2, 33.4 na 32.3. Rakai pamoja na umati wake wote uko chini kidogo ya Kisumu.

Sababu ndiyo ile ya jana. Rakai ilikuwa na maambukizi 67 kwa jumla, Kisumu 69, Orange Farm 69. Majaribio matatu yaliyotofautiana sana kwa idadi ya watu yalikuwa karibu sawa kwa idadi ya matukio. Rakai iliandikisha wanaume wa miaka 15 hadi 49, wakati Orange Farm na Kisumu walichukua vijana wa 18 hadi 24, na kasi ya maambukizi Rakai ilikuwa ndogo zaidi. Ilihitaji watu wengi zaidi ili kufikia idadi ile ile ya matukio.

Tumejaribu jambo moja la kuthibitisha. Tumeongeza maradufu wanaume wa Rakai kwenye karatasi, huku maambukizi tukiyaacha 22 na 45. Uzito haukupanda hata kidogo, bali umeshuka kidogo hadi 14.9. Kisha tumewarudisha watu kama walivyokuwa, tukaongeza maradufu maambukizi: 44 na 90. Uzito umezidi 30. Mwuguzi wetu alitaka zoezi hili liingie kwenye kurasa za maelezo kama lilivyo, nami naunga mkono. Linafundisha zaidi ya aya tatu za maneno.

Kwa msomaji wa ripoti, matumizi yake ni haya. Ukiona utafiti wa watu elfu kumi una mraba mdogo na mstari mrefu, usidhani mchoraji amekosea. Tazama safu ya matukio upande wa kushoto, mara nyingi utakuta ni manne au matano tu.

Alhamisi: programu na miraba ya uongo

Leo tumehamia kwenye R, programu ya takwimu, kwa kifurushi cha metafor.

```r
library(metafor)
d <- data.frame(
  utafiti = c("Orange Farm 2005", "Kisumu 2007", "Rakai 2007"),
  ai  = c(20, 22, 22), n1i = c(1546, 1391, 2474),
  ci  = c(49, 47, 45), n2i = c(1582, 1393, 2522))
es <- escalc(measure="RR", ai=ai, n1i=n1i, ci=ci, n2i=n2i,
             data=d, slab=utafiti)
m <- rma(yi, vi, data=es, method="DL")
forest(m, atransf=exp, at=log(c(0.25, 0.5, 1, 2)),
       header=TRUE, showweights=TRUE)
```

Namba zimelingana na za karatasi. Picha ndiyo iliyotushtua: mraba wa Kisumu ulikuwa mkubwa, wa Orange Farm kidoadoa, ilhali safu ya uzito pembeni ilisema asilimia 34 na 32. Ukitazama kwa mbali ungeapa kwamba Orange Farm haina maana.

Chanzo ni mpangilio wa kawaida wa `forest()`. Usipomwelekeza, huuchukua utafiti wenye uhakika mdogo kuliko wote na kuupa ukubwa wa 0.5, ule wenye uhakika mkubwa kuliko wote hupewa 1.5, na wengine husambazwa katikati. Mipaka hiyo hutawaliwa na `plim`. Tafiti zikiwa nyingi na tofauti sana, utaratibu huo unasaidia jicho. Zikiwa tatu zilizo karibu sawa, tofauti ya asilimia 2 inavutwa hadi mraba mmoja kuwa na upana mara tatu ya mwingine. Tumeweka `psize=1` na miraba ikawa sawa, jambo ambalo kwa tafiti hizi ndilo la kweli zaidi. Ambaye tafiti zake zinatofautiana kwa haki ampe `psize` namba zake mwenyewe, zilizohesabiwa kutoka kwenye uzito.

Kanuni tuliyoiandika kwenye bango ni kwamba mraba unatazamwa kwa jicho, lakini uzito unasomwa kwenye safu ya asilimia. Kama ripoti haina safu hiyo, urefu wa mstari wa mlalo ni shahidi mzuri zaidi ya mraba, maana mstari hauwezi kunyooshwa na mapambo. Mstari mfupi una uzito mkubwa, mrefu una mdogo.

Jambo dogo lililobaki la mchoro ni mizani ya chini. Mchoraji wetu alitaka 0, 0.5, 1, 1.5 na 2 kwa nafasi sawa, "ili watu wasichanganyikiwe". Tumechora hivyo kumpa haki yake. Mstari wa Kisumu ukawa na mkono mfupi kushoto (kutoka 0.47 hadi 0.28) na mrefu kulia (kutoka 0.47 hadi 0.77), na mtu wa kwanza kuuona akauliza kama upande wa kulia una nguvu zaidi. Kwenye mizani ya logi mikono miwili ni sawa, na kupungua nusu, yaani 0.5, kunakaa umbali ule ule na kuongezeka maradufu, yaani 2. Imebaki logi.

Ijumaa: almasi

Almasi ya majaribio haya ina kitovu 0.46 na pembe mbili kwenye 0.34 na 0.62. Ni namba zile zile zilizomo katika mapitio ya Cochrane ya mwaka 2009 kwa miezi 21 hadi 24, ambayo nayo yalikusanya majaribio haya haya. Imetupa faraja kwamba hesabu ya kikokotoo haijapotea njia.

Jinsi inavyopatikana: chukua logi ya kila utafiti, izidishe kwa uzito wake, jumlisha zote tatu, gawanya kwa jumla ya uzito, ambayo ni 44.7. Unapata -0.774, na ukirudi kutoka kwenye logi ni 0.46. Kutokuwa na uhakika kwake ni 1 gawanya kwa mzizi wa 44.7, yaani 0.15, ukilinganisha na 0.256 ya Kisumu peke yake. Kwa hiyo almasi ni fupi kuliko mstari wowote ulio juu yake. Unene wake wa juu na chini hauna maana yoyote, ni umbo tu ili isifanane na utafiti mwingine.

Tumewajaribu watu watatu wa ofisi jirani waliokuja kunywa chai. Makosa mawili yamejirudia. Wa kwanza alidhani almasi ni utafiti wa nne, mkubwa. Wengine wawili walisoma pembe zake kama mipaka ya matokeo ya maeneo: "mahali pengine tohara inapunguza hadi 0.34, pengine 0.62". Kosa hili la pili ni la hatari kwa sababu lina mantiki. Pembe za almasi zinaeleza tunaujua wastani kwa kiasi gani. Hazielezi maeneo yanatofautiana kiasi gani. Tafiti mia moja zinazopingana zinaweza kutoa almasi nyembamba sana, na nusu ya miraba ikawa nje yake.

Ndiyo maana lazima utazame pia miraba yenyewe imepangika vipi. Hapa ni 0.42, 0.47 na 0.50, yote ndani ya almasi, na mistari yote inapishana kwa sehemu kubwa. Kipimo cha utofauti, I², kimetoka 0. Nimesisitiza kisisomwe kama uthibitisho kwamba tafiti hizi hazitofautiani kabisa. Kwa tafiti tatu tu, kipimo hicho kina macho mafupi. Kinachosemwa ni kwamba utofauti tunaouona hauzidi ule ambao bahati peke yake ingeuleta.

Mapitio na mabango mengi ya kampeni yalisema tohara hupunguza hatari kwa asilimia 60. Almasi inasema 54, na inapatana na chochote kati ya 38 na 66. Sitii neno baya juu ya 60, iko ndani ya masafa na ndiyo iliyotoka Orange Farm, jaribio lililotangulia. Lakini mtu aliyezoea 60 aambiwe kwamba iko kushoto ya kitovu, karibu nusu ya njia kuelekea pembe ya kushoto.

Kuna jambo jingine ambalo mchoro hauwezi kulionyesha, nalo limepata kisanduku chake kwenye maelezo. Majaribio yote matatu yalisimamishwa mapema na bodi za usalama, la Orange Farm mwaka 2005, la Kisumu na Rakai Desemba 2006, kwa sababu manufaa yalikwisha kuonekana na haikuwa haki kuwaacha wengine wakisubiri. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa washiriki. Kitakwimu una gharama: jaribio linalosimamishwa wakati matokeo yakiwa kwenye kilele huwa na mwelekeo wa kukuza manufaa kuliko yalivyo. Makosa ya aina hiyo yakiwa kwenye miraba yote kwa upande mmoja, kuyajumlisha hakuyaondoi. Almasi inafupika huku ikiwa imesogea.

Jumatatu: mstari unaokata 1

Tatizo la mfano wetu ni kwamba ni safi mno. Hakuna mstari hata mmoja unaovuka 1, na mkufunzi atakutana na mistari inayovuka 1 kila wiki. Hapa ndipo ule utafiti wa wanawake wa Rakai, uliochapishwa 2009, umepata kazi. Umechorwa peke yake, chini ya mstari mzito, bila kuunganishwa na almasi.

Wanawake 92 walikuwa na wenza waliotahiriwa, na 17 kati yao waliambukizwa. Wengine 67 walikuwa na wenza wasiotahiriwa, na 8 waliambukizwa. Uwiano ulioripotiwa ni 1.49, na mstari unakwenda kutoka 0.62 hadi 3.57. Ni mrefu kuliko yote kwenye bango, kama ilivyotarajiwa kwa matukio 25 tu.

Msomaji wetu wa majaribio, dada mmoja wa kliniki, alisema mara moja: "Umekata moja, kwa hiyo hakuna tofauti."

Tumezungumza naye kwa kirefu. Mstari unaokata 1 unasema kwamba kutokuwa na tofauti ni mojawapo ya majibu yanayopatana na ushahidi. Lakini hatari kuongezeka mara tatu nayo inapatana, na hatari kupungua kwa theluthi moja nayo pia. Kuandika "hakuna tofauti" ni kuchagua jibu moja kati ya mengi na kuyaficha yaliyobaki. Jibu la haki ni kwamba utafiti huu haukuonyesha kinga kwa wanawake ndani ya muda uliopimwa, na kwamba hauwezi kuondoa uwezekano wa madhara. Linganisha na mstari mfupi, tuseme 0.95 hadi 1.06, ambao nao unakata 1. Huo ndio unaoweza kuitwa ushahidi wa kutokuwepo tofauti kubwa. Yote miwili inakata mstari ule ule wa wima, lakini inasema mambo mawili yasiyofanana, na kinachoyatenganisha ni urefu.

Dada wa kliniki ameomba mistari hiyo miwili iwekwe juu na chini, mmoja baada ya mwingine. Mrefu ni wa kweli na mfupi ni wa kubuni, na bango litasema hivyo waziwazi.

Jumatano: mizani ikibadilika

Swali la mwisho lililokuwa likinisumbua ni la afisa mmoja wa mipango. Yeye hana haja na uwiano. Anataka kujua wakitahiriwa wanaume elfu moja, wangapi watakuwa wameepushwa. Tumechora upya kwa tofauti ya hatari badala ya uwiano. Kwenye msimbo ni kubadilisha neno moja, `measure="RD"`, na kuondoa `atransf` na `at`. Mstari wa wima sasa unapita kwenye 0.

Orange Farm, hatari ilishuka kutoka 31 kwa kila elfu hadi 13, yaani 18 pungufu. Kisumu, kutoka 34 hadi 16, nayo 18 pungufu. Rakai, kutoka 18 hadi 9, yaani 9 pungufu. Hiyo ni kwa ufuatiliaji wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili hivi, si kwa maisha.

Na miraba imegeuka. Rakai, iliyokuwa na theluthi moja ya uzito, sasa ina asilimia 48. Orange Farm imeshuka hadi 28 na Kisumu hadi 24. Hakuna mtu hata mmoja aliyeongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni kinachopimwa: kwa tofauti ya asilimia, hatari ndogo ikipimwa kwa watu wengi hukadiriwa kwa uhakika mkubwa zaidi, kwa hiyo umati wa Rakai, uliokuwa haufui dafu kwenye uwiano, hapa unalipa. I² nayo imepanda kutoka 0 hadi 37, na almasi inakaa kwenye 14 pungufu kwa kila elfu, kati ya 7 na 20.

Nimebishana na mwenzangu kuhusu kuichapisha almasi hii. Yeye anasema namba 14 ni rahisi kutumia. Mimi naona ni namba isiyo ya mahali popote. Kisumu ilikuwa 18, Rakai 9, na wastani wao unategemea mchanganyiko wa maeneo tuliyobahatika kuwa nayo. Uwiano umekaa karibu mahali pamoja katika sehemu tatu zenye kasi tofauti za maambukizi, ndiyo sababu unastahili kuunganishwa. Idadi ya waliookolewa inafuata ukubwa wa hatari ya mahali, kwa hiyo hesabu iliyo bora ni kuchukua 0.46 na kuizidisha kwa hatari ya wilaya yako mwenyewe. Wilaya yenye maambukizi 20 kwa kila elfu ingetarajia yashuke hadi kama 9. Yenye 4 ingeshuka hadi karibu 2, na hapo afisa wa mipango ana sababu ya kuuliza bei.

Tumekubaliana hivi: bango lina mchoro mmoja wenye almasi, wa uwiano, na pembeni jedwali dogo la tofauti kwa kila elfu, mahali kwa mahali, bila almasi. Mchoro wa tofauti ya hatari umehamia ukurasa wa mwisho wa maelezo, na zoezi chini yake linamtaka mkufunzi aeleze kwa nini mraba wa Rakai umekua.

Ijumaa

Faili ya kuchapa imekwenda kwa mchoraji. Amebakiza kusogeza maneno "tohara imepunguza maambukizi" na "tohara imeongeza maambukizi" yakae chini ya mizani kila moja upande wake, na kuipa safu ya matukio herufi nene kuliko safu ya jumla ya watu. Nakala ya kwanza inakwenda kliniki kwa yule dada, abandike mahali wanaposomea ripoti zao, na atuambie wenzake wanaanzia wapi kusoma.